Nilipunguza saa za kitandani ndipo nikalala

Wa kwanza kuona kwamba silali vizuri alikuwa daktari wa meno. Nilikwenda kwake kwa ajili ya jino la nyuma lililokuwa likiniuma nikitafuna. Akalitazama, akatazama na mengine, kisha akaniambia jino lenyewe ni zima. Kilichomshughulisha ni ncha za meno yangu, zilizokuwa zimelika na kuwa bapa, na kingo za ulimi zilizojaa alama za meno. Akanibonyeza mashavuni, mbele kidogo ya masikio, pale ulipo msuli wa kutafunia, nikashtuka kwa maumivu. "Usiku unasaga meno," akasema, "na mchana nadhani unayabana. Kazi yako ni ya namna gani?"

Kazi yangu ni ya uhasibu. Kila mwisho wa mwezi hesabu hufungwa kwa tarehe maalumu, na kosa la tarakimu moja huweza kurudisha nyuma kazi ya siku nzima. Wakati huo nilikuwa nimeshazoea kuamka na kichwa kizito pembeni mwa paji la uso, shingo iliyokakamaa, kiungulia, na moyo uliokuwa ukinidunda hata nikiwa nimekaa tu. Kila dalili niliipa sababu yake: kichwa ni miwani, shingo ni kiti, kiungulia ni chakula cha usiku. Daktari wa meno alinitengenezea kinga ya plastiki ya kuvaa usiku, na alikuwa wazi kwamba itayalinda meno yasiendelee kulika, lakini haitauzuia msuli kubana. Kwa hilo akanielekeza kwa daktari wa kawaida.

Huko presha yangu ilisoma 146 kwa 92. Daktari hakukimbilia dawa. Alitaka kwanza nipime nyumbani kwa wiki moja, asubuhi na jioni, kwa utaratibu: nikae dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu iko sakafuni, mkono umewekwa usawa wa moyo, na nusu saa kabla ya hapo nisiwe nimekunywa kahawa. Watu wengi presha yao hupanda wanapokuwa mbele ya daktari, ndiyo maana vipimo vya nyumbani husema ukweli zaidi, na huko kinachohesabiwa kuwa juu ni wastani unaoanzia 135 kwa 85. Akanipima pia umeme wa moyo, wingi wa damu na tezi ya shingo, kwa sababu moyo kudunda na kukosa usingizi huweza kutokana na tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi. Vyote vilikuwa sawa. Wastani wangu wa nyumbani ukawa 138 kwa 87, juu kidogo tu ya mpaka.

Halafu akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Usiku unaamka saa ngapi?"

Saa tisa. Karibu kila siku saa tisa usiku, macho makavu, moyo unakimbia, na akili iko kwenye hesabu kana kwamba mtu ameniita mezani. Nilidhani ni mimi peke yangu mwenye saa hiyo. Kumbe ni saa ya watu wengi, na ina maelezo.

Usingizi husukumwa na nguvu mbili. Ya kwanza ni hamu ya kulala inayojikusanya tangu tunapoamka: kadiri ubongo unavyofanya kazi, ndivyo kemikali iitwayo adenosini inavyorundikana na kutuletea uzito. Ya pili ni saa ya mwili, iliyo ndani kabisa ya ubongo, inayoamua ni wakati gani tuwe macho na ni wakati gani tulale. Mwanasayansi wa Uswisi, Alexander Borbély, aliziweka nguvu hizo mbili katika maelezo mamoja mwaka 1982, na hadi leo wanaotibu usingizi huanzia hapo. Mtu akilala saa nne na nusu usiku, usingizi mzito huja zaidi katika theluthi ya kwanza ya usiku. Ifikapo saa tisa, sehemu kubwa ya ile hamu imeshalipwa, usingizi unaobaki ni mwepesi na wenye ndoto nyingi, na mwili umeanza polepole kuongeza kotisoli, homoni inayotuandaa kuamka. Kila binadamu huzinduka mara kadhaa usiku, hugeuka na kusahau. Tofauti ni kwamba mtu ambaye mchana kutwa ameishi kwenye tahadhari, anapozinduka saa hiyo hukuta akili imeshawaka tayari.

Na mwili mzima hulipia. Katika usingizi mzuri presha hushuka kwa asilimia 10 hadi 20, moyo nao hupunguza mwendo. Anayelala kwa vipandevipande hukosa sehemu ya mapumziko hayo. Kusaga meno nako mara nyingi hutokea katika vile vizinduko vidogo ambavyo mtu havikumbuki asubuhi: moyo huongeza kasi, kisha taya linabana. Kwa hiyo taya langu na moyo wangu vilikuwa vikilalamika juu ya jambo moja.

Daktari alinipa daftari la usingizi, yaani karatasi yenye safu chache tu. Kila asubuhi niliandika nilipanda kitandani saa ngapi, nakadiria nilipata usingizi saa ngapi, nilikaa macho kwa muda gani katikati ya usiku, na nilitoka kitandani saa ngapi. Alisisitiza neno nakadiria. Kuangalia saa usiku ili kuandika kwa usahihi ni sumu, kwa sababu kila ukiitazama unaanza kupiga hesabu ya saa zilizobaki, na hesabu hiyo humwamsha mtu kabisa.

Baada ya wiki tulikaa na karatasi ile. Kwa wastani nilikuwa nikipanda kitandani saa tatu na nusu usiku, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na nilitaka kufidia. Usingizi ulinijia saa nne na nusu. Saa tisa niliamka, nikakaa macho hadi karibu saa kumi na moja, kisha nikalala tena mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Kitandani nilikaa saa nane na nusu. Usingizi wenyewe ulikuwa saa nne na nusu za mwanzo na saa moja ya mwisho, jumla saa tano na nusu. Ukigawanya tano na nusu kwa nane na nusu unapata asilimia 65 hivi. Mtu anayelala vizuri huwa na asilimia 85 au zaidi.

"Daktari, kwa hiyo nipande kitandani mapema zaidi?" nikamwuliza.

"Hapana, mama. Utachelewa."

Alinieleza hivi. Yale masaa matatu niliyokuwa nikilala macho kitandani hayakuwa mapumziko. Yalikuwa mafunzo. Usiku baada ya usiku mwili ulijifunza kwamba kitanda ni mahali pa kuhangaika, na kupanda mapema kuliifanya hamu ya kulala isambae ikawa nyepesi, haikutosha kunivusha saa tisa. Dawa yake ni kuubana muda wa kitandani ulingane na usingizi ninaoupata kweli, ili hamu ikusanyike kwa wingi, kisha kuuongeza kidogokidogo. Njia hii iliandikwa na Arthur Spielman, mwanasaikolojia wa Marekani, na wenzake mwaka 1987, na ni kiini cha tiba ya usingizi isiyotumia dawa. Mwaka 2016 Chuo cha Madaktari cha Marekani kilipendekeza tiba hiyo iwe ya kwanza kwa mtu mzima mwenye tatizo sugu la kukosa usingizi, kabla ya vidonge.

Kabla ya kuanza alinihoji kwa makini, na nadhani sehemu hii haipaswi kurukwa na yeyote. Je, ninakoroma kwa nguvu, au mwenzangu amewahi kuniona pumzi inakatika nikiwa usingizini, kisha nikavuta hewa kwa kishindo? Je, ninasinzia mchana nikiwa katikati ya mazungumzo? Hizo ni dalili za ugonjwa wa kukatika kwa pumzi usingizini, ambao nao hupandisha presha na kuleta maumivu ya kichwa asubuhi, na hautibiki kwa kubana saa za kulala. Je, nina kifafa, au niliwahi kupata vipindi vya furaha na nguvu kupita kiasi nikakaa siku nyingi bila kuhitaji kulala? Wenye hali hizo huweza kudhurika wakipunguziwa usingizi. Je, ninaendesha gari safari ndefu au kusimamia mashine? Mume wangu, aliyekuwa amekaa pembeni, akajibu la kukoroma: sikoromi, ila meno yangu yakisagana yeye huamka.

Dirisha langu, yaani muda wote wa kukaa kitandani, likawa la urefu wa saa tano na nusu. Saa ya kuamka tuliiweka kwanza, saa kumi na mbili asubuhi, siku zote, hata siku za mapumziko. Tukihesabu kurudi nyuma, saa ya kupanda kitandani ikawa saa sita na nusu usiku. Alinionya asitumie mtu yeyote dirisha chini ya saa tano, na wiki mbili za mwanzo nisiendeshe gari nikiwa nasinzia.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu kweli. Shida ilikuwa kukesha mpaka saa sita na nusu, maana kuanzia saa nne kope zilikuwa zikishuka zenyewe. Nilikaa wima, nikapanga nguo, nikazungumza na mume wangu, nikasimama kila nilipohisi kichwa kinaangukia kifuani. Kazini nilikuwa mzito na mwepesi wa hasira, nikaomba mwenzangu apitie kila jedwali langu kabla halijatoka. Lakini kabla wiki haijaisha kitu kilibadilika: nikigusa mto nalala. Kwanza saa tisa iliendelea kuniamsha, ila kwa muda mfupi, na ikafika asubuhi ambayo niliamshwa na kengele bila kuwa na kumbukumbu ya usiku wowote wa macho.

Kanuni ya kuongeza ni rahisi. Mwisho wa wiki unagawanya tena. Wastani ukiwa asilimia 85 au zaidi, unajiongezea dakika 15 kwa kupanda kitandani mapema kidogo. Ukiwa kati ya 80 na 85, unabaki ulipo. Ukishuka chini ya 80, unapunguza dakika 15, bila kwenda chini ya saa tano. Saa ya kuamka haiguswi. Wiki ile ya kwanza nilipata wastani wa saa tano kati ya tano na nusu, asilimia 91, nikahamia saa sita na robo usiku. Baadaye kuna wiki niliyobaki palepale, ile ya kufunga mwezi, kisha nikaendelea kupanda. Sasa dirisha langu ni kuanzia saa tano kasorobo usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, saa saba na robo, na ndani yake nalala karibu saa sita na nusu. Nilijaribu kulisogeza zaidi, macho ya saa tisa yakarudi. Ndipo nikajua mwili wangu unahitaji kiasi hicho.

Ukiamka usiku na usingizi hauji, unatoka kitandani. Si baada ya kutazama saa, bali pale unapohisi umeshaanza kuhangaika, kama dakika 20 hivi. Mimi nilikuwa na kiti, taa hafifu, na kitabu kisichosisimua. Simu ilikaa chumba kingine. Nilirudi kitandani kope zilipokuwa nzito na nimesoma mstari mmoja mara mbili. Kuchoka tu hakutoshi, kwa sababu mtu anaweza kuchoka hoi na bado akawa macho makavu.

Hayo ni ya usiku. Lakini taya linabana mchana, na saa tisa ya usiku huandaliwa mapema zaidi ya tunavyodhani, kwa hiyo nikabadilisha mambo machache ya mchana.

Asubuhi, ndani ya saa ya kwanza baada ya kuamka, natoka nje na kutembea dakika 20. Mwanga wa nje, hata siku yenye mawingu, una nguvu mara nyingi kuliko taa za ndani ya nyumba, na ndio unaoiambia saa ya mwili kwamba siku imeanza. Saa hiyo ikishapangwa asubuhi, usingizi nao hujua wakati wake usiku. Ndiyo sababu pia kulala hadi jua kali siku ya mapumziko huharibu usiku unaofuata.

Kahawa ya mwisho ni saa sita mchana. Kafeini huziba pale adenosini inapofanyia kazi, na kwa mtu mzima wa kawaida nusu yake huchukua saa tano au sita kuondoka mwilini. Aliyekunywa kikombe saa kumi jioni bado ana karibu nusu yake ifikapo saa nne usiku. Baadhi hulala hivyohivyo, lakini usingizi wao huwa mwepesi, na uzito unaopungua ni ule ule mtu anaouhitaji avuke saa tisa.

Taya nililifundisha kwa kulifungamanisha na vitu vinavyotokea bila kunitaka ruhusa. Kila simu inapoita, kila ninapofungua faili jipya, najikagua: midomo imefungwa, meno yameachana, ulimi umetulia nyuma ya meno ya mbele ya juu. Meno ya juu na ya chini hayana sababu ya kugusana isipokuwa wakati wa kutafuna na kumeza. Siku za mwanzo karibu kila nilipojikagua niliyakuta yamebana, mabega yako karibu na masikio. Maumivu ya kichwa ya asubuhi ndiyo yaliyoondoka kwanza.

Kisha kuna karatasi ya kufungia kazi, ambayo kwangu mimi ina thamani kuliko vyote isipokuwa lile dirisha. Dakika kumi kabla ya kuondoka kazini naandika kila kilichobaki, kwa namna hii: kitu, hatua inayofuata, na lini. Zamani ningeandika "ulinganisho wa benki". Sasa naandika: "Ulinganisho wa benki una tofauti upande wa malipo. Hatua: kulinganisha hundi za wiki ya pili na taarifa ya benki. Kesho saa tatu asubuhi." Ubongo huendelea kushika jambo ambalo halijapewa mahali. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walichapisha jaribio ambalo watu walioandika kwa dakika tano yale wanayopaswa kuyafanya siku zijazo walipata usingizi mapema kuliko walioandika waliyokwisha kuyamaliza, na waliofafanua zaidi ndio waliolala upesi zaidi. Nikiamka usiku na ulinganisho ukanijia, najibu kwamba umeshaandikwa, una saa yake.

Jioni napumua polepole kwa dakika tano nikiwa nimekaa: kuvuta hewa kwa puani nikihesabu hadi nne, kuitoa nikihesabu hadi sita. Kila sekunde ikiwa hesabu moja, hiyo ni pumzi sita kwa dakika. Hewa inapotoka, mshipa wa neva unaoteremka kutoka ubongoni hadi kifuani huupunguza moyo mwendo, ndiyo maana kutoa kunapewa muda mrefu kuliko kuvuta. Sifanyi hivyo kitandani. Mtu akikugeuza kupumua huko kuwa kitu cha kujilazimishia usingizi, huanza kujipima kama kinafanya kazi, na kule kujipima humweka macho.

Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichopunguza kazi mezani. Nilipokwenda kwa mkuu wangu nilibeba daftari la usingizi na vipimo vya presha, nikamwonyesha kwamba usiku mbaya zaidi hutangulia ripoti inayotakiwa saa mbili asubuhi, huku anayeipokea akiisoma alasiri. Aliisogeza hadi saa sita mchana. Mabadiliko hayo yalinisaidia kuliko wiki nzima ya kupumua polepole, nami naona mtu yeyote anayeshauriwa juu ya msongo wa kazi aanze kwa kutafuta saa kama hiyo katika ratiba yake, saa isiyo na faida kwa mtu yeyote.

Presha ya nyumbani ilifika wastani wa 127 kwa 81. Daktari alisema matembezi na usingizi vyote vimechangia, na kwamba hawezi kuvitenganisha, kwa hiyo naendelea kupima kila mwezi. Alinipa pia mipaka: moyo kudunda pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi au kuzirai ni jambo la hospitali saa ile ile, wala si la karatasi na kupumua.

Wiki ya kufunga mwezi bado huniletea usiku mbaya mmoja au zaidi. Asubuhi yake naamka saa kumi na mbili kama kawaida, natoka nje, na usiku nasubiri mpaka saa tano kasorobo hata kama nasinzia. Nikipumzika mchana ni dakika 20, kabla ya saa tisa alasiri. Usiku mbaya ukizidi wiki moja nalitoa tena daftari, nagawanya, na kulibana dirisha kwa dakika 15 mpaka asilimia irudi 85 au zaidi.